Sifuri ya Mita Isikuhadae
MIZANI YA JUMA, na Abdalla Mwinyikombo

Mita ndogo ya kupimia umeme, ile ya bei nafuu iandikwayo DT830 kwenye paji lake na kuuzwa Kariakoo, Mombasa na kila mji wenye duka la vifaa vya umeme, imeingia katika nyumba nyingi tangu watu walipoanza kufunga sola. Na aghalabu mwenye kuinunua hukitazama kwanza kile kioo chenye tarakimu, ilhali jambo la kutazamwa kwanza ni swichi ya kuzungusha iliyo chini yake. Mita haisemi ila juu ya jambo ililoulizwa, na swichi ndiyo swali. Mtu aliyeuliza swali lisilo lake hujibiwa sifuri, akadhani ameambiwa kwamba umeme haupo. Dhana hiyo moja ndiyo niliyokusudia kuinenea juma hili, kwa kuwa yaweza kuua.

Tuutazame basi uso wa mita. Upande mmoja pameandikwa DCV, au pamechorwa herufi V pamoja na mstari ulionyooka na vikato chini yake: huo ni upande wa mkondo mnyoofu, yaani umeme wa betri na wa paneli ya sola. Upande wa pili pameandikwa ACV, au V yenye kiwimbi: huo ni wa mkondo geu, yaani umeme wa gridi na ule utokao katika inveta. Upande wa mkondo mnyoofu una viwango vitano, navyo ni 200m, 2000m, 20, 200 na 1000. Upande wa mkondo geu, katika mita hizi, una viwili tu, 200 na 750. Kila tarakimu ni ukomo wa kipimo, si kipimo chenyewe. Hapa pana mtego uliowanasa wengi: mtu huiona 2000m, akaona kuwa hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, akaichagua kwa kutaka salama. Ile herufi ndogo m maana yake ni sehemu moja katika elfu ya volti, kwa hiyo 2000m ni volti mbili basi, nacho ni kiwango cha betri ndogo ya saa wala si cha soketi ya ukutani.

Faida ya kuchagua kiwango huonekana vizuri mno katika betri ya sola ya volti 12. Kioo cha mita hii hakiwezi kuandika zaidi ya 1999, na nukta huhama kwa kadiri ya kiwango kilichochaguliwa. Ukiipima betri iliyojaa na kupumzika, isiyochajiwa wala kutumiwa kwa saa kadhaa, hali swichi iko kwenye 20, utasoma 12.63 au karibu yake. Ipeleke kwenye 200, utasoma 12.6. Ipeleke kwenye 1000, utasoma 12 au 13, nukta imetoweka. Sasa betri ya risasi na asidi iliyobakiwa na nusu ya nguvu zake husoma kama 12.2, na ikikaribia 11.9 huwa imekwisha. Habari yote ya betri, tangu kujaa hata kufilisika, imo ndani ya volti moja isiyotimia. Naye aliyeacha swichi kwenye 1000 ataona 12 kwa betri iliyojaa na 12 kwa betri iliyo hoi, aseme zote zi sawa. Kinyume chake, akiweka 2000m kioo kitaandika 1 peke yake upande wa kushoto, na hiyo si volti moja, bali ni mita kusema kwamba kilicholetwa kimezidi ukomo. Kanuni inayofaa ni kuanza na kiwango kikubwa katika upande ulio sahihi, kisha kushuka hatua kwa hatua hata kufika kile kidogo kabisa ambacho bado kinazidi kipimo.

Nimesema upande ulio sahihi, na hapa ndipo penye hatari. Katika nyumba moja ya Pangani yenye sola na inveta, kijana aliyeitwa kutazama soketi isiyowasha friji alikwisha kupima betri vizuri, akapata 12.5, akainuka na mita yake mkononi, akahamisha swichi toka 20 hata 200 ya upande ule ule wa DCV, akatia waya za kupimia katika soketi. Kioo kiliandika sifuri, na tarakimu ndogo zikichezacheza pembeni. "Mzee, hapa hamna umeme," akasema, na bisibisi ilikuwa imekwisha gusa skrubu ya kwanza. Nilimwomba azungushe swichi hata 750 ya upande wa kiwimbi, apime tena kabla ya kufungua chochote. Ikasoma 228. Umeme ulikuwapo tele. Kilichoharibika kilikuwa plagi ya friji.

Sababu yake si fumbo. Umeme wa gridi na wa inveta hugeuka upande mara kwa mara, ukamaliza mizunguko 50 katika kila sekunde, nusu ya mzunguko ukiwa chanya na nusu ukiwa hasi. Upande wa DCV hutafuta wastani, na wastani wa nusu mbili zilizo sawa na zinazopingana ni sifuri. Mita haikusema uongo: wastani ulikuwa sifuri kweli, na volti 230 zilikuwamo katika waya vile vile. Lau kosa lingekuwa kinyume, betri ikapimwa upande wa ACV, mita hizi za bei nafuu huonyesha namba iliyozidi maradufu, betri ya 12 ikasoma kama 26 au 28, na waya zikigeuzwa ikasoma sifuri. Kosa hilo humtatiza fundi, lakini halimuui. Ama waya nyekundu ikiwekwa kwenye hasi ya betri, swichi ikiwa DCV, hutokea alama ya kutoa tu mbele ya namba, wala hapana dhara.

Liko jambo jingine lisilo katika swichi, nalo ni matundu ya chini. Waya nyeusi hukaa COM daima. Nyekundu, kwa volti za namna zote mbili, hukaa katika tundu lenye alama ya V. Tundu la tatu, 10A, ni la kupimia ampea, na ndani yake njia ni nyeupe toka waya hata waya, tena katika nyingi za mita hizi halina fyuzi. Mwenye kuisahau waya yake humo kisha akagusa soketi amezikutanisha laivu na nyutro kwa mikono yake.

Kwa hiyo atakaye kujua kama waya imekufa na aanze kwa kupima soketi anayoijua kuwa ina umeme, swichi ikiwa 750 ya ACV, aone 230 au jirani yake. Kisha, bila kugusa swichi, apime waya anayoishuku: laivu na nyutro, tena laivu na ardhi. Kisha arudi kwenye soketi ile ya kwanza apime mara ya pili. Ikisoma kama mwanzo, sifuri ya katikati ni sifuri ya kweli. Isiposoma, basi ila imo katika betri ya mita, au katika waya zake, au swichi imesogea, na ile waya aliyoipima ahesabu kuwa ingali na umeme.