Maoni: Mwalimu Mkuu aseme nini kabla ya filimbi?

Siku ya michezo shuleni, wazazi hungoja mbio, wala hawajali sana hotuba. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndani ya dakika tano za hotuba ya Mwalimu Mkuu ndimo mashindano ya haki huanzia, hasa katika shule zetu za mpakani.

Sababu ni umri. Mtoto aliyerejea kutoka ukimbizini mara nyingi hurudishwa madarasa mawili au matatu kwa ajili ya lugha au vyeti. Mimi nilisomea ugenini, nayajua hayo. Hivyo darasa la tano lina mtoto wa miaka 11 na kijana wa miaka 15. Ukiwashindanisha mita 100 kwa darasa, matokeo yanajulikana kabla ya mbio. Mdogo hakati tamaa kwa uvivu; ameona hesabu haimpi nafasi.

Basi Mwalimu Mkuu atangaze mapema kwamba mbio zimepangwa kwa umri. Asiye na cheti cha kuzaliwa apimwe kimo, wasichana peke yao na wavulana peke yao, maana wasichana hutangulia kurefuka. Kipimo hicho si kamili, lakini ni afadhali kuliko darasa. Kisha mwalimu wa darasa asimame kwenye mstari na daftari la mahudhurio, aite majina. Asiyemo daftarini ni mamluki, hata akiwa mpwa wa mfadhili wa vikombe.

Pili, aeleze alama. Tuseme mshindi anapata 5, wa pili 3, wa tatu 2, na kila mwingine anayemaliza anapata 1. Timu ya watoto wanane ikitoa mshindi mmoja na saba wakaacha njiani, ina alama 5. Timu ambayo wanane wote wamemaliza bila kuingia tatu bora ina 8. Hapo nahodha hatamzomea mwenzake mzito. Atakimbilia kumshangilia, kwa kuwa alama yake inahitajika. Furaha ya namna hiyo haiji kwa kuhimizwa tu, huja kwa kanuni.

Akitaka mfano, asiende mbali. Mwaka 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Waliokuwa mbele yake wengi wamesahauliwa, yeye angali anatajwa.

Wazazi wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Wanajua kwamba mzani ukichezewa, soko hufa. Wasimwahidi mtoto zawadi kwa kushinda peke yake, bali wamuulize jioni: ulimaliza? Ulimsubiri nani kwenye mstari?