Safu Moja Haitoshi

Jedwali la kulinganisha tafiti za tiba ya malaria kali halitoshelezwi na safu moja ya "vifo vilivyopungua", ingawa kuna wanaoshikilia kwamba inatosha. Utafiti wa AQUAMAT wa 2010 unaonyesha kwa nini. Ikinakiliwa 22.5% peke yake, daktari wa Baraka, katika eneo la Fizi nchini Kongo, anaweza kudhani kwamba artesuneti iliokoa watoto 22 katika kila 100. Sivyo. Waliopewa artesuneti walikufa 230 kati ya 2,712. Waliopewa kwinini, 297 kati ya 2,713. Tofauti ni watoto wawili na ushee kwa kila 100, na bado ni kubwa mno. Mahali utafiti ulipofanyika pia paandikwe: kituo cha Kongo kilikuwa Kinshasa, si Fizi. Idadi zitangulie, asilimia zifuate.