Kila Mtu Alipie Yake? Basi Semeni Kabla ya Kuagiza

Likizo ndefu iliyopita nilifanya kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mdogo Mafinga, meza saba tu, karibu na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Julai ile baridi ilikuwa kali, na wateja wakiingia wanataka chai ya moto kabla hata hawajakaa. Niliondoka pale na msimamo mmoja ambao naomba niutetee hapa: bili haigawanywi wakati wa kulipa. Inagawanywa wakati wa kuagiza. Mkishindwa pale mwanzo, mwisho kuna mtu ataumia, na mara nyingi ni yule mwenye pesa kidogo kuliko wote, au ni mhudumu.

Niwape kisa chenyewe. Siku moja waliingia wanachuo sita, wenzetu kabisa. Mimi nilichukua oda kama nilivyofundishwa siku ya kwanza, yaani kwa kujumlisha: wali kuku 2, wali maharage 2, chipsi mayai 2, soda 4, maji 1. Nikapeleka karatasi jikoni, chakula kikatoka vizuri, hakuna aliyelalamika. Kwa bei zetu, wali kuku ni 6,000, wali maharage 3,000, chipsi mayai 4,000, na kinywaji chochote 1,000. Hadi hapo bili ilikuwa 31,000.

Baadaye kaka mmoja akaniita, "Dada, tuletee mishkaki sita, weka katikati." Hiyo ni 6,000. Kisha yeye na mwenzake mmoja wakaongeza soda moja moja, 2,000 nyingine. Jumla sasa ni 39,000. Nyongeza hizo sikuziandika jikoni wala kaunta kwa jina la mtu. Niliziweka kichwani, nikaandika tu pembeni "mishkaki 6, soda 2".

Yule kaka akawahi kosta ya Makambako. Akaacha 7,000 mezani, wali kuku na soda yake ya kwanza, akaaga. Waliobaki nao kila mmoja akatoa alichokumbuka kukiagiza mwanzo. Wawili waungwana wakaongeza 1,500 kila mmoja kwa ajili ya mishkaki, kwa sababu walioila walikuwa wanne. Wa nne, ambaye ndiye aliyeongeza soda, alidhani mishkaki ni ofa ya yule aliyeondoka. Na soda ya pili? Kaisahau. Nikahesabu: 34,000. Imepungua 5,000.

Sasa hapo ndipo mmoja akasema, "Basi tugawane sawa, 6,500 kila mtu, iishe." Sawa na nani? Pembeni alikuwapo dada aliyekula wali maharage bila kinywaji, na mishkaki hakuigusa. Chakula chake kilikuwa 3,000. Mnajua wenyewe mtu anayeagiza hivyo anahesabu nini: bumu halijaingia. Aliinama akaanza kutafuta kwenye pochi. Mimi nikasema acheni tu, nikijua ile 5,000 itatoka kwangu. Na ilitoka. Ujira wangu wa siku ulikuwa 8,000, jioni nikapewa 3,000.

Ukitazama vizuri, pale mezani hapakuwa na mwizi. Pesa iliyopotea ni ya watu wawili, 2,500 kila mmoja: soda ya pili 1,000 na fungu la mishkaki 1,500. Wote wawili walilipa kwa moyo safi walichokikumbuka. Kilichokosekana ni maandishi yanayosema nani alikula nini.

Wiki iliyofuata nilibadili namna ya kuandika. Kila meza nikaipa namba, na kila kiti nikakipa namba kuanzia kile kilicho karibu na mlango, nikizunguka upande mmoja siku zote. Juu ya karatasi naandika meza na saa. Halafu badala ya "wali kuku 2" naandika "wali kuku 2 (1, 2)", yaani ni za kiti cha kwanza na cha pili. Mama wa jikoni mwanzo alininunia, akasema namba zangu zitamchanganya apike mara mbili. Ana haki: jikoni wanachotaka kujua ni idadi, na idadi lazima itangulie, iwe kubwa. Namba za viti zinakaa kwenye mabano, yeye anazipita. Lakini mimi nikibeba sahani siulizi tena "wali maharage wa nani?" mbele ya watu.

Kijitabu chetu kilikuwa na karatasi ya kaboni, kwa hiyo nakala moja inaenda jikoni na nyingine inabaki kaunta. Nyongeza nayo inapata karatasi yake, yenye namba ileile ya meza na neno "nyongeza", na inabanwa pamoja na ya kwanza. Hakuna kitu kinachotoka bila karatasi, hata soda. Kuhusu cha katikati, nauliza palepale, "Hii anailipia nani?" Wakisema ni ofa, naandika kiti kimoja. Wakisema ni ya wote, naandika viti vya wanaokula.

Kwa utaratibu huo, meza ile ingesomeka hivi: 9,500 kwa yule kaka, kisha 8,500, 4,000, 7,500, 6,500, na 3,000 kwa dada yetu. Jumlisha, ni 39,000 kamili. Na anayewahi gari anapewa hesabu yake kamili kabla hajashika mlango.

Haimalizi kila tatizo. Watu wakihama viti inabidi niandike alama, mfano "koti jekundu". Meza ya watu kumi na zaidi saa ya mchana siiwezi hivyo. Hao nawaomba wachague mmoja akusanye. Na mkilipa kwa simu mmoja mmoja, nasubiri kila ujumbe ufike kabla ya kukata jina lako.

Kuna watakaosema kugawana kwa namba ni uchoyo, sisi ni ndugu. Mimi nasema undugu wa kugawana sawa ni mzuri ukitolewa na aliyekula zaidi. Ukitolewa na aliyekula kidogo, huyo kalazimishwa na aibu.

Na wenye migahawa nao wasikie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu kukata ujira kwa hasara kienyeji. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya ujira. Robo ya 8,000 ni 2,000. Mimi nilikatwa 5,000, kwa mdomo.

Kwenu wanachuo wenzangu ombi ni dogo. Mkikaa mezani, mhudumu akifungua kijitabu, mmoja aseme, "Dada, kila mtu na yake." Maneno matano tu. Ukiyasema pale mwanzo, mwenzako wa wali maharage atakula kwa amani, na dada aliyewahudumia atarudi nyumbani na ujira wake wote.