Tufunge kundi la matangazo, ao tuliache wazi?

Wiki hii tuongee juu ya kundi kubwa la WhatsApp, lile la matangazo kwa wanachama wote. Ni wakati gani inafaa kulifunga, ili wasimamizi peke yao waandike? Na tutawaelezaje wenzetu bila kuwaumiza?

Tuchukue mfano wa kundi la mama 300. Siku ya tano asubuhi, sekretere anaandika kwamba mkutano wa posho hautakuwa saa nane mchana, utakuwa saa nne asubuhi. Mama 60 wanajibu "Amina" ao "asante". Mmoja anatuma sala ya sauti ya dakika sita, mwingine anauliza bei ya unga. Mama anayeuza sokoni ananunua mega kidogo na kuziwasha jioni tu. Anakuta ujumbe zaidi ya 90, anasoma wa mwisho kumi, analala. Posho anafika saa nane, wenzake wamekwisha kurudi nyumbani, na jina lake halimo katika orodha ya mkopo.

Kabla ya kufunga, pimeni kwanza. Chukueni matangazo matatu ya mwisho. Kwa kila moja, hesabuni mama waliopiga simu ao kuuliza jambo lililokuwa limekwisha kuandikwa. Ikiwa ni wawili ao watatu, ombeni tu watu wasijibu matangazo. Ikiwa kila mara ni kumi na zaidi, matangazo yanapotea, na kufunga kunafaa. Aliyetuma tangazo anaweza pia kulishikilia kwa kidole na kufungua maelezo yake, aone nani amelipokea na nani amelisoma. Lakini alama ya kwamba limesomwa inaonyesha tu kwamba mama alifungua kundi. Haionyeshi kwamba ameelewa.

Kuna siku moja ya kutofunga hata kidogo: siku ambayo mtu ameuliza juu ya franga. Mama akiandika "Mchango wetu wa mwezi uliopita uko wapi?" na kesho yake kundi likafungwa, hakuna maelezo yatakayoaminika. Watu watasema mmefunga kinywa chao. Jibuni kwanza kwa hesabu, mama mtunza feza aonyeshe daftari mkutanoni, kisha muongee juu ya kufunga.

Tena, msifunge mlango mmoja bila kufungua mwingine. Katika kundi lililo wazi, mama ambaye mtoto wake ana homa usiku anaomba msaada, na aliyefiwa anafarijiwa. Vitu hivyo si takataka. Tengenezeni makundi madogo ya mazungumzo, moja kwa kila mtaa, yaanze kazi kabla ya kundi kubwa kufungwa. Habari ya kilio ya mtaa mmoja, msimamizi ataipeleka katika kundi kubwa siku ile ile.

Maelezo yatolewe kwanza kwa mdomo, mkutanoni, kwa sababu kuna mama wanaotumia telefone ya mume ao ya mtoto. Halafu, siku mbili kabla ya kufunga, tumeni maandishi pamoja na sauti fupi kwa wasiosoma. Semeni sababu, siku ya kuanza na ya mwisho, mahali pa kuongea, na mtu wa kuulizwa. Mfano:

"Mama wapendwa, wengi wetu walikosa habari ya mkutano kwa sababu tangazo lilizama katika majibu. Tangu siku ya kwanza, kwa wiki nne, wasimamizi watatu peke yao wataandika hapa. Maongezi, salamu na maombi yaendelee katika kundi la mtaa wako. Ukiwa na neno kwa wote, umpe msimamizi wa mtaa wako. Kisha wiki nne tutaamua pamoja mkutanoni."

Msiandike "kwa sababu mnasumbua". Neno hilo litakumbukwa kuliko tangazo lenyewe.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Msimamizi anagusa jina la kundi juu, anashuka mpaka penye ruhusa za kundi, anaondoa ruhusa ya wanachama kutuma ujumbe. WhatsApp yenyewe itaandika mbele ya wote kwamba fulani amebadilisha, kwa hiyo msimamizi anayejulikana na wote ndiye afanye. Wasimamizi wawe watatu, kutoka mitaa tofauti. Akiwa mmoja tu na telefone yake ikaibiwa, kundi linabaki bubu.

Wiki nne zikiisha, hesabuni tena waliopiga simu kuuliza. Ikiwa hesabu haikushuka, shida haikuwa kelele. Pengine matangazo ni marefu mno, ao yanatumwa saa ambayo mama wako sokoni. Basi fungueni kundi, mrekebishe hilo.