Risiti si bidhaa, msiuziwe

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mdogo kununua bati Kilwa Masoko. Bati 20 za geji 28, kila moja 30,000, jumla laki sita. Muuzaji akauliza swali ambalo mkazi yeyote wa pwani hii ameshalisikia: "Mama, unataka na risiti au bila?" Na risiti, akasema, tuongeze asilimia 18. Yaani 108,000 zaidi, kwa kipande cha karatasi!

Mama mdogo akaanza kufunga pochi. Nikamwomba asubiri.

Vijana wenzangu, hapo ndipo tunapopigwa. Ile asilimia 18 ni VAT, na VAT inatozwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT peke yake. Kujua ni rahisi mno. Chukua risiti yoyote ya EFD ya duka hilo, hata ya mteja aliyekutangulia, tazama juu chini ya TIN. Kuna mstari wa VRN. Ukikuta namba, amesajiliwa, na bei anayokutajia inapaswa kuwa na kodi tayari ndani yake. Ukikuta imeandikwa `NOT REGISTERED`, basi hana VAT ya kukudai. Yule bwana alikuwa `NOT REGISTERED`. Ile laki na nane isingefika TRA hata senti. Ingebaki kwenye droo.

Nilipomwonyesha mstari ule akacheka kidogo, akaingia ndani, akarudi na risiti. Nikaisoma: 60,000. Sifuri moja imepotea njiani. Nikairudisha, na safari hii ikaja ya 600,000.

Sasa kwa nini mtu ahangaike hivyo? Nitamtetea kidogo, maana sidhani ni mwizi wa kuzaliwa. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi milioni 11 na hayafiki milioni 100 analipa asilimia 3.5 ya mauzo. Sikiliza vizuri: ya mauzo, siyo ya faida. Kwenye laki sita zetu hiyo ni 21,000. Kama anapata faida ya 2,000 kwa kila bati, basi kwenye bati 20 ana 40,000 mkononi, na zaidi ya nusu inaondoka kabla hajalipa pango, umeme na kijana wa kubeba. Jirani yake anayeuza juisi, ambaye faida yake huenda ni nusu ya mauzo, analipa asilimia ileile na wala haumii. Kwa hiyo kila risiti anayoitoa muuza bati ni kisu kwenye faida nyembamba, na mashine inapeleka taarifa TRA yenyewe.

Na milioni 11 siyo pesa ya tajiri. Gawanya kwa siku 365, unapata kama 30,000 kwa siku. Genge lililochangamka pale Nangurukuru linafika hapo.

Sheria inampa mlango mmoja ambao hauelezwi sana madukani: anaweza kuchagua kuachana na mfumo wa makadirio, akatunza hesabu na kutozwa kwa faida. Lakini hapo anahitaji vitabu na mtu wa kuviandaa, na huyo naye anataka hela. Wengi wanaona bora waipoteze sifuri.

Badala ya kurekebisha hapo, serikali imemtwika mnunuzi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura 438, inamfanya asiyedai risiti kuwa mkosaji. Kwa miaka TRA ilitangaza kwamba faini yake ni kati ya 30,000 na 1,500,000. Fikiria mama anayetoka dukani na mfuko wa simenti, anasimamishwa yeye! Mimi nasema tudai risiti, tena yenye kiasi kamili, kwa sababu bila hiyo huna ushahidi bati likitoboka. Ila wagombea wetu wakija Lindi tuwabane wajibu: je, biashara yenye faida nyembamba itatozwa kwa faida, bila kulazimika kuajiri mhasibu? Kariakoo wamefunga maduka zaidi ya mara moja kwa ugomvi wa kodi, huku kwetu watu wanafuta sifuri kimyakimya.

Jioni ile tuliingia `verify.tra.go.tz`, tukaandika ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti pamoja na saa iliyochapwa, ikatokea 600,000. Halafu nikaipiga picha. Karatasi ile na joto la Kilwa haviivani. Ukiiweka dirishani, baada ya muda mfupi unabaki na karatasi nyeupe.