Mashine Haihesabu, Hesabu Wewe

Binamu yangu wa Bungoma alinipigia simu nikiwa stejini Kitale, nangoja matatu ijae. Alikuwa amekasirika. Fomu ya kuomba ruzuku ya wakulima vijana ilitaka maelezo ya maneno 100 kamili, na programu ya akili bandia ilikuwa imempa 112. Akairudia, akaandika 100 kwa herufi kubwa, akapata 91. Mara ya tatu, 108. "Bana, hii kitu ni ya kompyuta na haijui kuhesabu?"

Nilimjibu hivi, na bado nasimamia hapo: kosa si la mashine peke yake. Kosa ni letu sisi tunaoendelea kuipigia kelele.

Programu hizi hazioni maneno jinsi wewe na mimi tunavyoyaona. Maandishi hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo tokeni, na vipande hivyo ndivyo mashine inavyovijua. Neno fupi la Kiingereza linalotumika sana mara nyingi huwa kipande kimoja. Neno letu kama "nitakazopata" linaweza kukatwa vipande vitatu, vinne au zaidi. Halafu mashine huandika kipande baada ya kipande, na hakuna saa ya ukutani inayoiambia kwamba imefika neno la 60. Inakadiria urefu kwa mazoea, kisha inasimama pale habari inapoonekana kukamilika. Ukiiambia imezidisha 12, mara nyingi inaandika upya na kukadiria upya. Ndiyo maana binamu alitoka 112 akaanguka 91. Ukiiuliza imeandika maneno mangapi, hata hiyo namba inaweza kuwa kisio tu. Ziko zinazoweza kuendesha programu ndogo ya kuhesabu, na hapo hesabu huwa ya kweli, lakini kupunguza bado ni kazi nyingine.

Kwa hivyo nilimwambia aache kuomba. Chukua ile ya 112, kwa sababu kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Ibandike Google Docs, bonyeza Ctrl + Shift + C, uone hesabu. Tofauti ni 12. Sasa tafuta sentensi iliyonona. Yake ilikuwa hii:

"Mimi ni mkulima ambaye ninapanda nyanya katika sehemu ambayo iko karibu na mto, na pesa ambazo nitapata nitazitumia kwa ajili ya kununua pampu ya maji."

Hayo ni maneno 25. Kiswahili kimetupa kisu tayari: "amba-" inaweza kuingia ndani ya kitenzi.

"Mimi ni mkulima ninayepanda nyanya karibu na mto, na pesa nitakazopata nitanunulia pampu ya maji."

Maneno 15, maana ileile, na inasomeka vizuri zaidi. Kumi yameenda. Kwingine "kwa sababu" ikawa "kwani", na "kwa haraka" ikawa "haraka". Mia kamili. Tulimaliza kabla matatu yangu haijafika Kiminini.

Je, kama angebaki na ile ya 91? Hapo wengi hutia "sana", "kwa kweli" na "kwa hakika" mpaka sentensi zinavimba kama mandazi. Usifanye hivyo. Ongeza jambo ambalo msomaji hakulijua. "Nyanya zangu huuzwa soko la Chwele" ni maneno sita, na yanamwambia mtoa ruzuku kwamba una soko. Matatu yaliyobaki utayapata ukifungua kitenzi kwa "amba-", yaani ule mlango wa kwanza ukiusukuma upande wa pili.

Ila hesabu tena kila baada ya badiliko, na hesabu ya mwisho iwe ya fomu yenyewe. Vihesabio vingi hutenganisha maneno kwa nafasi tu. Kistari kilichoachwa peke yake kati ya nafasi mbili kinaweza kuhesabiwa kama neno, na "bodaboda" ni moja lakini "boda boda" ni mawili. Docs ikisema 100 na fomu iseme 101, fomu ndiyo hakimu. Na kama kisanduku kinahesabu herufi, si maneno, ujanja wa "amba-" utakuokoa kidogo tu.

Nanyi mnaotunga fomu, mia kamili ni ya nini? Mkulima mwenye maneno 97 yaliyonyooka anashindwa na nani? Andikeni "yasizidi 100" mtupunguzie safari. Mpaka mfanye hivyo, sisi tutahesabu wenyewe. Mashine ilete unga; kupima kwenye gorogoro ni kazi ya mwenye duka.