Kilo ya makaa haileti yuniti nane za moto sufuriani

Wapo wanaodai kwamba kupikia stima ni anasa ya matajiri, na hesabu yao huwa hivi: kilo moja ya makaa makavu ina joto la takriban megajuli 29. Yuniti moja ya stima, yaani kilowati-saa, ni megajuli 3.6. Ukigawanya 29 kwa 3.6 unapata yuniti 8. Basi, wanasema, anayenunua kilo ya makaa amenunua yuniti nane kwa bei ya kutupa.

Kugawanya kwao ni sawa. Kosa ni kusahau jiko. Joto lililo ndani ya makaa si lile linaloingia sufuriani. Jiko la kawaida la bati hupeleka kwenye chakula karibu sehemu moja tu kwa tano. Nyingine hupotea hewani na katika makaa yanayobaki yakiwaka baada ya ugali kuepuliwa. Kwa hiyo zile yuniti 8 zinabaki 1.6. Jiko lenye udongo ndani hufikisha karibu 2.4. Koili ya stima nayo hupoteza, lakini kidogo: katika kila yuniti, takriban 0.7 hufika sufuriani.

Tufanye mfano. Chukulia kilo ya makaa ni shilingi 80 na yuniti ya stima ni shilingi 30. Kwa jiko la bati, yuniti moja iliyofika sufuriani imegharimu shilingi 50. Kwa koili ni shilingi 43. Kwa jiko la udongo ni shilingi 33. Yaani stima imelishinda jiko la bati, na jiko la udongo limeishinda stima. Weka bei za mtaani kwako uone, lakini pima makaa kwa mizani kwanza, kwani mkebe hupima ujazo, si uzito.

Kuni nazo hudanganya. Zikiwa kavu zina megajuli 16 hivi kwa kilo, kama yuniti 4.4. Zikiwa mbichi, sehemu ya moto huishia kukausha maji yake, na moshi huzidi. Ukizisikia zikichemka na kutoa povu mwishoni, umenunua maji.

Maoni yangu ni kwamba hesabu hii, hata ikifanywa sawasawa, isiamue peke yake. Makaa hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa. Hatari hiyo haimo katika megajuli wala katika shilingi 33. Anayepika kwa makaa kwenye chumba kimoja afungue dirisha na mlango, na jiko lilale nje hata kama bado lina moto.